Hasara ya elfu mia tano

Tangu mume wangu afariki na watoto wahamie Kisangani, chakula cha saa sita pale depo ndicho pekee nilichokuwa ninakula na watu. Siye wote tulizunguka sahani moja ya bugali na sombe ya majani ya muhogo, wapakiaji na wauzaji na mie mushika hesabu. Nyumbani nilikuwa ninaongea na sufuria.

Tunauza mabati hapa Bunia. Bei iko kwa dola, lakini vitabu ni kwa franga. Mjenzi mmoja wa Marabo alichukua mabati ya dola elfu moja, siku ile dola iko franga 2,800. Nikaandika tunamudai milioni mbili na elfu mia nane. Alilipa nyuma ya miezi miwili, kwa franga, dola ikiwa imeshuka hadi 2,300. Akaleta milioni mbili na elfu mia tatu, haki yake kabisa, maana ndiyo dola elfu moja ya siku hiyo.

Kosa langu ni hili: malaria ilikuwa imenipiga, nikafunga fakture, ile hati ya deni lake, bila kuandika mustari wa hasara ya dola kushuka. Patron, mwenye depo, akafungua kitabu.

"Mama, elfu mia tano iko wapi?" alipiga kelele katikati ya uwanja. "Weye ulikula!"

Mie mwizi! Miaka yote ile! Saa sita nilipofika kwenye sahani, watu walisogea karibu-karibu, nafasi yangu ikapotea.

Nililia jikoni kwangu siku mbili. Ya tatu nikamufuata patron ofisini na vitabu viwili.

"Angalia, muzee. Musumari tuliokopa Kampala, dola elfu mbili. Tuliandika tunadaiwa milioni tano na elfu mia sita. Ulilipa wiki iliyopita, dola ikiwa 2,300: milioni ine na elfu mia sita. Milioni moja ilibaki kwetu. Nani aliiiba?"

"Ile ni faida ya dola kushuka," alisema. Kweli, siku ile ya kulipa aliwanunulia watu wote soda kwa furaha yake.

"Dola ni ile ile, kushuka ni kule kule. Tukidaiwa, tunapata. Tukidai, tunapoteza. Faida uliinywea soda, hasara ukaipa jina langu."

Alihesabu kwa kidole, mara mbili. Mbele yake nikaandika ule mustari niliousahau.

"Ah. Basi, mama," alisema. Mulango ulikuwa umefungwa.

Tusi lilitolewa uwanjani, lakini ile "basi" haikutoka ofisini. Nami niko na kiburi, sikuenda kuitangaza.

Sasa kila asubuhi ninaandika bei ya dola kwa chaki kwenye mulango, hata nikiwa mugonjwa. Watu wa depo wanakuja, wanasoma, wananishukuru vizuri. Saa sita wanarudi kwenye sahani yao, nami ninafungua kibakuli changu.