Pini ya Geti la Makutupora

Shemeji yangu aliposema hakuna haja ya kwenda Makutupora kuchukua pini ya ramani ya ukumbi, nilipaswa kusema hapana. Nilisema sawa.

Tulikuwa dukani kwa dada mmoja anayetengeneza kadi za mwaliko za kutumwa kwa simu, hapa Makole. Kadi ilikuwa ya sherehe ya kumuaga binti yangu kabla ya ndoa, na shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Alikuja na karatasi yenye majina ya wazazi, wajomba, wanakamati wote na mstari wa Biblia.

"Shikamoo baba," yule dada alinisalimia, akaipitia karatasi. "Haya yote tukiyaweka, kwenye simu ndogo mtu ataona wadudu tu."

Akatuonyesha kadi aliyokwisha kuipanga: uso wa binti yangu ukiwa mkubwa, hauna kivuli, na chini yake maneno machache meupe juu ya rangi ya zabibu. Nani anaagwa, lini, saa ngapi, wapi. Basi. Kiungo cha ramani hakikuwa ndani ya picha. Picha haibonyezeki, alisema, kwa hiyo kiungo kinakaa kwenye maneno yanayotumwa pamoja nayo.

"Sasa baba, mtu mmoja aende Makutupora akasimame getini kwa ukumbi, anitumie pini ya pale pale. Mwenye ukumbi alihama. Bustani yake ya zamani bado ipo kwenye ramani, kwa jina lile lile."

Shemeji alikuwa ameshatafuta jina kwenye simu yake. "Hii hapa, ina mpaka mapicha. Shemeji, tunaalika watu au tunapima shamba?"

Watu waliokuwa wakisubiri fotokopi walicheka. Nami nikacheka. Yule dada alinitazama mimi, si shemeji, kwa sababu binti ni wangu. Nikamwambia aweke hiyo hiyo.

Kadi ilikuwa nzuri, kila mtu aliisifu. Mimi mwenyewe niliituma Gulwe, kwa jirani wa dada yangu mkubwa, maana simu ya dada ni ya vitufe. Kwetu shangazi haalikwi kwa simu. Unamfuata nyumbani, unakaa, unamweleza. Na huyu ndiye aliyenilea, tena ndiye aliyepaswa kumfunika binti kitenge na kumkabidhi kwa wakwe. Nilijiambia kadi inajieleza.

Siku moja kabla ya sherehe, mpambaji alipotea. Kiungo kilimfikisha kwenye bustani ya zamani, ng'ambo ya mashamba ya mizabibu. Shemeji akatuma kiungo kipya kwenye kundi la simu la wageni. Nilikisoma. Dada yangu hakuwa kwenye kundi lile, wala jirani yake, na mimi niliyemtumia kile cha kwanza sikumtumia cha pili. Nilidhani mke wangu ametuma. Mke wangu alidhani nimetuma mimi.

Kwenye sherehe sikuweza kukaa. Kila bodaboda ikipunguza mwendo barabarani, nainuka. Naenda getini, narudi, naangalia simu, naenda tena. Niliifungua ile kadi niliyotuma Gulwe nikabonyeza kiungo chake, na ramani ikanionyesha mahali ambapo sikuwa. Nikapiga simu ya jirani. Haikupatikana. Nikapiga tena na tena. Nikamtuma dereva mmoja akamtafute kule kwenye bustani ya zamani.

Mshereheshaji alinifuata. "Mzee, wakwe wanasubiri. Shangazi yuko wapi?"

"Mdogo wa mama yake si yupo?" shemeji akadakia. "Amfunike yeye, tuendelee."

Wakanitazama wote wawili. Nikasema sawa, kwa mara ya pili.

Dada aliletwa wakati watu wanakula. Alikuwa amekaa mbele ya geti lililofungwa, yeye na jirani yake, simu imeisha chaji, akiamini wageni wengine wako njiani. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Alimwona binti yangu amekwisha kufunikwa. Kitenge chake kilikuwa kwenye mfuko, kimekunjwa vizuri.

"Dada, ni ramani," nilisema.

"Hiyo ramani ndiyo mdogo wangu?" akauliza. Hakupaza sauti. "Ungekuja Gulwe, ningepotea?"

Hakula. Alimshika binti mkono kidogo, akamwambia jirani waondoke.

Nilimfuata Gulwe wiki iliyofuata, na mara nyingine baada ya hapo. Alinikaribisha uani kama mgeni, akanipa maji, akarudi ndani. Akiumwa naambiwa na watu wengine. Binti yangu alipojifungua, dada hakuja. Sijamlaumu shemeji, kwa sababu yule dada wa kadi aliniuliza mimi, na mimi ndiye niliyejibu. Nilikuwa na dada mmoja tu duniani, na sasa sina.