Maji ya Baraka kwenye Chupa ya Nesi

Nikiwataja waliokaribia kuniulia mtoto, naanza na mwenye duka la dawa pale Puge. Alituuzia dawa ya kikohozi mara mbili. Mtoto anahema mpaka mbavu zinaingia ndani, yeye anasema ni mafua ya vumbi. Wa pili ni wifi yangu, dada wa mume wangu.

Tulifika hospitali midomo ya mtoto imeshabadilika rangi. Nesi akamwekea vijibomba viwili puani, hewa ikatoka kwenye mashine ya oksijeni. Bomba jingine lilitoka hapo puani likazama kwenye chupa ya maji kando ya kitanda, likawa linatoa mapovu.

"Mapafu yake yanajikunja akitoa pumzi," nesi aliniambia. "Maji yanazuia hewa isitoke yote, mapafu yabaki wazi kidogo. Bomba lizame mpaka mstari huu tu. Likizama zaidi, hewa inamsukuma kupita kiasi. Mapovu yakikoma niite, huenda vijibomba vimechomoka au hewa inavuja."

Alikuwa anarudi kila mara. Anatazama mstari, anamtoa kamasi, anakagua ngozi ya pua, anahesabu pumzi, anabonyeza tumbo, anasoma kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni. Mimi masikio yote kwenye mapovu.

Mchana nilimwachia wifi mtoto, nikatoka kufua nguo zake. Niliporudi, wifi ameshika kichupa kitupu cha maji ya baraka, na mtoto anahangaika, tumbo limekaza kama ngoma.

Nesi alikuja nilipomwita, akainama. "Nani ameongeza maji humu?"

"Ni ya baraka, sista," wifi akasema. "Hayo yenu ya bomba yatamfaa nini?"

"Dada, humu maji hayaponyi. Humu maji ni kipimo."

Akayapunguza mpaka kwenye mstari. Akafungua mpira mwembamba waliokuwa wamempitishia mtoto mdomoni mpaka tumboni, hewa ikatoka. Akamwita daktari asikilize kifua pande zote mbili, maana pafu linaweza kutoboka. Nilisimama pale mpaka daktari aliposema pande zote zinapitisha hewa.

Wifi alikuwa keshampigia kaka yake. "Baraka inamwagwa kwenye sinki, na mkeo anaangalia tu." Akanipa simu.

"Mtoe huyo mtoto, mrudi nyumbani," mume wangu akasema.

"Njoo umtoe wewe. Utanikuta mlangoni."

Nikaweka kigoda mlangoni pa wodi. "Wifi, sala zinafika hata kupitia dirishani. Kaombe kule."

"Umekuwa askari sasa?"

"Ndiyo."

Akaenda dirishani, akaomba kwa sauti ili nisikie. Nilikuwa natazama kifua cha mtoto, na kabla jua halijazama mbavu zikaacha kuingia sana.

Mtoto alipona. Wifi anawaambia watu kanisani kwamba ni maji yake. Kila akisema hivyo nami nikiwepo, nasimama kwenye benchi langu naeleza yaliyotokea, na mume wangu anainamisha uso.