Pengo la Saa Nane

Shangazi yangu wanamwita Bi Kiti. Hutunza wazee wasiojiweza katika nyumba ya wazee, na kwenye chumba cha Mwalimu, mzee asiyeachwa peke yake hata dakika moja, hainuki kitini mpaka mwenzake aje. Mimi huandika programu, na niliyowatengenezea ndiyo iliyomsaliti.

Kazi ya programu hiyo ni kukagua zamu za daftarini. Huzipanga kwanza kwa saa ya kuanza, kwa kuwa watu huandika ovyo. Kisha huziunganisha: zamu inayofuata ikianza kabla ya iliyotangulia kwisha, zinakuwa kipande kimoja, na mwisho wake ni ule wa mbali zaidi. Vipande vikibaki viwili, kuna pengo katikati, na mzee aliachwa.

Msimamizi akapokea ripoti. Siku zote za Bi Kiti, mapengo. Akamhamishia chumba cha nguo.

"Mashine haidanganyi, Shangazi," nilimwambia kwa simu, mjinga mimi. "Labda ulitoka kidogo?"

Akajibu polepole: "Labda, mwanangu."

Siku ya tatu nikaambiwa Mwalimu hali chakula, anauliza kiti kina nani. Ndipo nikaifungua ripoti yote, badala ya kusoma kichwa chake tu. Pengo lilianza saa nane kamili, likaisha saa nane kamili. Urefu: dakika sifuri! Nilicheka, kisha nikaona aibu.

Wenzake huandika dakika zao, huyu akifika mapema, yule akichelewa kutoka, hivyo zamu zao hulaliana. Bi Kiti na anayempokea husaini pamoja, kalamu moja, saa nane kamili. Zamu moja inaishia pale pale nyingine inapoanzia. Mimi nilikuwa nimeandika "kabla ya", nikasahau "au sawasawa na". Zilizogusana nikazihesabu zimeachana.

Nikasahihisha, nikaendesha programu tena. Toka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili ya asubuhi iliyofuata, kipande kimoja. Nikampelekea msimamizi mwenyewe, nikamwambia kosa ni langu, na akamrudisha Shangazi siku ile ile.

Nilimkuta chumbani kwa Mwalimu, anamlisha uji kijiko kwa kijiko, na mzee anameza bila ubishi.

"Mbona hukunikatalia, Shangazi? Ulijua hukutoka."

Akafuta mdomo wa mzee, taratibu.

"Sikujua," akasema. "Wewe ndiye msomi wetu. Ulivyosema, nikaanza kuwaza huenda nilitoka nikasahau. Nimewaona wengi humu wakipotewa na kumbukumbu, mwanangu, huanza hivyo hivyo. Siku tatu zile nilikuwa nakunja mashuka na kujiuliza leo ni siku gani, nisije nikawa nami nimeanza."

Nilipiga magoti nikamshika mkono, ule usio na kijiko.