Shukrani ya Mama kwa Macho

Mama alipoweka miwani yake pembeni na kusoma Zaburi bila msaada, nyumba nzima ilishangilia. Alikuwa ameivaa kwa miaka mingi, na ndiye aliyesoma Neno kwenye misiba yote ya kijiji chetu cha Ihanda. Jumapili iliyofuata alikata mkungu wa ndizi mkubwa kuliko yote kibanjani, kwenye migomba yetu, akaupeleka kanisani kama sadaka ya shukrani. Ulipigwa mnada nje baada ya ibada, na mama akasimama mbele ya watu akasema Mungu amemrudishia macho ya ujana. Miwani akampa wifi yake wa Bweranyange.

Hatukuunganisha mambo. Mama alikuwa anakunywa maji kama mtu aliyetoka kulima kwenye jua kali, anatoka nje kukojoa usiku kucha, na magauni yake yalikuwa yanampwaya. Kisha majirani wakaanza kununa. Walimsalimia kutoka barabarani naye akapita kimya, na kwetu kupita bila kuitikia salamu ni kumtukana mtu. Walisema ushuhuda umemvimbisha kichwa. Mimi nina hasira za karibu, niligombana na wawili. Kumbe mama alikuwa haoni sura zao. Vya karibu aliviona, vya mbali vilikuwa ukungu.

Siku alipoishiwa nguvu akianika kahawa ndipo tulipomfikisha hospitali. Sukari ilikuwa juu mno. Wakamwanzishia dawa, akarudi nyumbani nazo, na haikuchukua muda mrefu akaanza kuwatambua watu njiani na kuwaitikia. Lakini Biblia ikamfifia. Herufi zilivurugika hata akiisogeza mbali. Tuliazima ile miwani kutoka Bweranyange, nayo haikumsaidia.

"Vidonge hivi vinanila macho," alisema. "Kabla yake nilikuwa nasoma."

Nilijua anawaza nini, maana alianza kuvisahau makusudi. Niliogopa kweli. Nikampakia kwenye bodaboda tukaenda kliniki ya macho, nikiwa nimeshaamua kwamba tutarudi na miwani mipya na ubishi utaisha.

Mtaalamu alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa Muleba kwa lafudhi yake. Alimwamkia mama, akampima kwa vioo, akamtia matone ya kupanua mboni, akachungulia ndani ya jicho kwa muda mrefu. Akasema nyuma ya jicho hajaona madhara. Halafu akatazama vipimo vya sukari, akaweka kalamu chini.

"Mama, leo sikuandikii miwani."

Nilifoka. Nilimwambia tumekula vumbi tangu asubuhi, na kwamba mgonjwa asipopata miwani ataacha dawa. Hakunijibu mimi, alimgeukia mama.

"Ndani ya jicho kuna lenzi. Sukari ikikaa juu, lenzi inavuta maji na kubadilika. Ndiyo maana ulisoma bila miwani ukashindwa kuona watu barabarani. Sasa dawa inashusha sukari, lenzi inabadilika tena, na bado haijatulia. Nikikupa miwani ya jicho la leo, mwezi ujao haitakufaa. Meza dawa. Sukari ikishatulia wiki kadhaa mfululizo, uje nipime upya. Ila ukiona giza la ghafla, madoa meusi au maumivu, usisubiri, njoo siku hiyo hiyo."

Mama alimtazama, mboni zake zikiwa kubwa kwa yale matone.

"Kwa hiyo nikiacha dawa nitasoma?"

"Huenda ukasoma, mama. Kwa muda. Na sukari itaendelea kukuharibu ndani, mpaka na hayo macho yenyewe."

"Basi siku ile kanisani," mama alisema polepole, "nilimshukuru Mungu kwa ugonjwa."

Nilimshika mkono tukatoka.

Zile wiki zilikuwa ndefu. Nilimsomea mimi kila asubuhi baada ya vidonge, na nilipokosea neno alinisahihisha kutoka kichwani, kwa ukali. Kukatokea msiba kwa jirani, mtu mwingine akasoma. Mama alikaa mkekani kati ya wanawake, midomo ikifuata maneno, na mimi nililia kwa ajili yake zaidi ya marehemu.

Tuliporudi kliniki sukari ilikuwa imetulia. Akapimwa, akapimwa tena siku nyingine, majibu yakawa yale yale, ndipo akaandikiwa. Miwani yenyewe haikupishana sana na ile ya zamani aliyompa wifi yake. Nilicheka kwa uchungu. Mama hakucheka.

Jumapili iliyofuata alikata mkungu mwingine. Nilimkumbusha kwamba shukrani ya macho alikwisha kuitoa, watu watasema.

"Waseme," alijibu, akisafisha miwani kwa ncha ya kitenge. "Ile ilikuwa ya kutojua. Hii ni ya vidonge."

Akavimeza mbele yangu, ndipo tukatoka.