Jina Lililonuna Kwenye Chupa

Waliotaka kumuua rafiki yangu ni wawili, na wote wako hai, wananenepa. Wa kwanza ni mnunuzi wa dhahabu pale Nyakunguru. Wa pili ni bosi wangu, mwenye studio ya picha. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini kompyuta nilijifunza kwa macho, na kazi za kuchapa majina kwenye vikombe na chupa zote zilikuwa zangu.

Duka la mnunuzi lilivunjwa, zebaki ya kukamatia dhahabu ikaibwa. Mwizi aliacha chupa yake ya maji juu ya meza, pembeni ya kufuli iliyokatwa. Wachimbaji wote wa kule hubandika chupa utepe mweupe na kuandika jina, wasinyweane maji. Mnunuzi akapiga picha mbele ya mlinzi, ndipo akasoma jina. Lilikuwa la mtoto wa dada yake. Chupa akaichoma moto, lakini mlinzi alikuwa ameshatangaza kwamba picha ipo, na wazee wakaitaka kwenye ritongo, baraza letu la Wakurya.

Mnunuzi akaja studio mchana na picha ile, bosi akafunga mlango.

"Mura, kijana wangu, futa hilo jina," mnunuzi akaniambia. "Weka hili."

Lilikuwa jina la rafiki yangu, mwenye duara, shimo lake la kuchimba, lililoanza kutoa dhahabu. Tulitahiriwa asubuhi moja, damu yetu ilidondoka kwenye udongo mmoja. Kwetu, ukimsaliti wa jando lako, hata ng'ombe wako hawazai. Na wakati ule mwizi wa zebaki hakupelekwa polisi. Alipigwa mawe, wakamalizia na petroli.

"Mzee, hii kazi ni ngumu," nikasema.

"Ngumu kuliko kushuka shimoni usiku bila kamba?" akacheka. Bosi naye akacheka. Sitasahau kicheko kile.

Nikafuta jina la zamani kwa kunakili weupe wa utepe juu yake. Nikaandika jipya kwa herufi zinazofanana na za kalamu ya wino. Jina likakaa limenyooka kama rula, na kwenye chupa hakuna kinachonyooka. Ndipo unachukua chombo cha kupinda, sisi tuliita wapu. Picha ilipigwa kutoka juu, kwa hiyo kila mstari kwenye chupa ile, kingo za utepe na maandishi ya kampuni ya maji, ulishuka katikati kama mdomo unaotabasamu. Jina lilitakiwa lishuke nayo, na herufi za pembeni zibanwe, kwa sababu huko chupa inageuka kukukimbia.

Wapu ina namba ya kupinda. Ukiweka alama ya kutoa, maandishi yanashuka katikati. Ukiiacha bila alama, yanapanda.

Sikuweka alama.

Jina likanuna. Haraka nikaikuza picha mpaka kioo kikajaa herufi tatu tu, mpindo usionekane. Nikapunguza ukali wa wino, nikaweka kivuli kidogo.

"Ona mzee, kama limeandikwa kwa mkono."

Mnunuzi akainama, pumzi yake shingoni kwangu. "Chapa."

Karatasi ikatoka. Mnunuzi akaishika. Alitafuta jina, akaliona, akatosheka. Bosi ndiye aliyeitazama muda mrefu. Akanitazama na mimi. Kisha akaikunja, akampa mnunuzi.

Kwenye ritongo rafiki yangu alikaa chini, mikono imefungwa kwa kamba ya ng'ombe. Vijana walishika mawe tayari. Karatasi ikazunguka mkono kwa mkono, na kila aliyesoma jina alitema mate. Nikaona nimemuua. Ikamfikia mama mmoja muuza pombe, mtu wa kushinda na chupa.

"He! Mbona chupa inacheka, jina limenuna?" akasema. "Baba zangu, tazameni. Utepe unashuka, jina linapanda. Limetoka hata nje ya utepe!"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akadai chupa yenyewe. Mnunuzi hakuwa na chupa. Mawe yakaanza kuanguka chini moja moja.

"Nani kaitengeneza hii?" wazee wakauliza.

Bosi akaninyooshea kidole.

Yale mawe yakaokotwa tena. Nilikimbia na taya limevunjika, nikatokea Mbalibali, na hapa ndipo ninapochunga ng'ombe za watu. Ningesema nini pale? Kwamba nilikosea makusudi? Mnunuzi alikuwa amesimama na watu wake.

Juzi nilikutana na mtu wa kwetu mnadani. Anasema rafiki yangu ana watoto wakubwa, na jioni huwasimulia jinsi mtu wa jando lake alivyotaka kumuua, Mungu akampofusha asijue chupa inapinda wapi.