Kasi ya Jumapili Asubuhi

Nyumba yangu ya Iringa ukipita barabara kuu unaiona, ipo juu kabisa, bati jekundu. Niliinunua kwa hela ya spea za malori, mimi niliyeishia darasa la saba. Wasomi wangapi wamepanga mpaka leo? Tuliacha ya kupanga Ilomba, Mbeya, tukahama mimi, mke wangu na binti yetu.

Binti yangu anawafundisha wazungu Kiswahili kwa video. Wanafunzi wake wakitoka kazini kwao, huku kwetu ni jioni. Picha ikiganda mara mbili tatu, mtu anatafuta mwalimu mwingine. Ilomba tulikuwa na faiba, waya unaingia mpaka sebuleni, na hakuwahi kupoteza somo. Kwa hiyo kabla ya kuhama aliniomba kitu kimoja tu: intaneti isiyoyumba.

"Baba, kuna nyumba ile ya bondeni. Nguzo ya faiba ipo getini kwake."

"Bondeni wanakaa vyura," nikamwambia.

Huku juu nguzo za faiba hazijafika. Kampuni ilisema italeta waya wakijitokeza wateja wa kutosha mtaa huu. Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Walinisikiliza, wakanipa chai, na hakuna aliyejiandikisha. Mmoja alisema tajiri kaja kutoka Mbeya, avute mwenyewe.

Zikabaki njia mbili: rauta ya laini ya simu, au antena ya juu ya paa inayotazama mnara. Jumapili asubuhi nilikwenda kwenye nyumba na binti na kijana wa duka la simu kujaribu rauta. Akaichomeka dirishani, akapima: megabiti sitini! Faiba yetu ya Ilomba ilikuwa ishirini. Nikacheka mpaka nikakohoa.

Binti hakucheka. "Hiyo sitini ni ya kupakua, baba. Mimi sura yangu inapanda kwenda kwao, tuangalie ya kupandisha. Halafu saa hizi mji mzima uko ibadani. Tupime jioni."

"Umeanza ualimu mpaka kwangu?"

Nikailipia rauta. Tukahamia.

Jioni ya kwanza watu walirudi majumbani, wanachuo wakarudi hosteli, wote wakauvamia mnara uleule. Sitini ikawa tatu, ya kupandisha haikufika hata moja. Nilisimama mlangoni nikamsikia mwanangu akirudia, "Unanisikia? Unanisikia sasa?" kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Mwanafunzi wake wa siku nyingi aliaga kwa adabu. Hakurudi.

Nikaleta fundi wa antena. Huyu hatukumruhusu apime asubuhi, tulimpandisha paani jioni. Kumi na tano kushuka, nane kupanda. Namba ndogo, lakini haikutikisika hata watu wakijaa, maana antena ile inazungumza na kifaa chake mnarani, haigombani na simu za wanachuo. Binti akafundisha hadi usiku. Mke wangu alimsikia akiimba jikoni, na mimi nikatembea kifua mbele mtaani.

Fundi alikuwa ameonya jambo moja: antena lazima iuone mnara. Jirani wa mbele naye alikuwa na matofali yake. Akapandisha ghorofa ya pili, na ukuta ulipofika usawa wa macho ya antena, nane ikawa sifuri.

Nikamfuata saiti, nikamsalimu kwa Kihehe. "Kamwene, jirani. Ukuta wako unaziba mtandao wa binti yangu."

Alikuwa na koleo mkononi. "Kamwene, mzee. Kwani ulinunua kiwanja au ulinunua na hewa?"

Mafundi wake wakaangua kicheko. Mimi, niliyeajiri watu kabla hajaota ndevu, nikasimama pale nimeshika kofia.

Tukafunga bomba refu juu ya paa, antena ikapita juu ya ukuta. Upepo wa Iringa ukaja. Bomba likicheza kidogo tu, antena inaukosa mnara na somo linakatika. Tukalifunga nyaya pande zote, na bado likacheza. Wanafunzi wakaondoka mmoja mmoja, na binti akaacha kutuhadithia habari zao mezani.

Asubuhi moja alifunga godoro. Nyumba ya bondeni ilikuwa imeshachukuliwa, naye alikuwa amepata chumba Ilomba chenye faiba.

"Hapa una vyumba vitano," nikasema.

"Najua, baba. Nyumba nzuri sana."

Mama yake alimsindikiza stendi. Mimi nilibaki napangusa vioo visivyo na vumbi.

Sasa wanafunzi wake wamejaa tena, nasikia. Jioni akimaliza kufundisha anatupigia kwa video. Tunamwona kidogo, halafu anaganda, mdomo wazi, na mke wangu anaisogeza simu dirishani.

"Baba," sauti inasema kwa kukatika, "piga ya kawaida tu."