Mshenga kwa Mama Mwenye Nyumba

Nilipooa mara ya pili nilikuwa nimeshazeeka, na niliyemwoa alikuwa mjane wa Itigi, muuza asali. Ndoa ilifungwa kwao. Baada ya siku chache nikarudi Mandewa peke yangu, kwa kuwa chumba nilikipanga peke yangu. Mkataba ulisema mpangaji ni mmoja, asiongeze mtu bila ruhusa ya mwenye nyumba.

Katika nyumba hiyo alikuwepo fundi pikipiki aliyemwingiza mchumba wake kimya kimya. Mama mwenye nyumba alipogundua alimpa notisi, na mwezi ulipoisha godoro lake likawa juu ya mkokoteni. Mimi ndiye niliyemsaidia kufunga kamba. Tangu nioe, kamba ile haikunitoka kichwani.

Mke wangu naye alikuwa na hofu yake. Mume wake wa kwanza alifariki wakiwa wamepanga, na kwa kuwa jina la mke halikuwemo kwenye mkataba, alitolewa ndani ya eda. "Kwa kuibia sitakuja," aliniambia kwenye simu. "Aniruhusu mwenyewe, na aniandike."

Nikaswali, nikamwomba Mungu anifungulie kinywa. Kinywa hakikufunguka. Kila nilipomwona yule mama anafagia uwanja, nilijiambia kesho. Mwisho nikafanya kama tulivyolelewa: neno la ndoa mzee halisemi mwenyewe. Nikamtuma rafiki yangu wa msikitini, mshenga mzoefu.

Alirudi mapema mno. Akasema mama alimsikiliza vizuri, kisha akanyamaza, kisha akasimama. Amesema niende mwenyewe Jumapili, akitoka kanisani. Nikamuuliza alimwambia nini. Akajibu kwamba alianza na sifa zangu, kwamba ni mcha Mungu, nimekaa mpweke miaka mingi, na sasa nina jambo la ndoa, naomba alipokee kwa moyo mweupe. Kwenye habari ya chumba alikuwa hajafika.

Mimi nilishika lile la kunyamaza tu. Siku zilizofuata mama aliniamkia akitazama ukuta, akapita haraka. Wapangaji wenzangu wakaanza kuniita bwana harusi, nami sikujua wanacheka nini. Nilihesabu vyombo vyangu kwa macho, nikawaza mzee kama mimi atapokelewa wapi, na kwamba mke wangu atazeekea kwao Itigi bila mimi.

Jumapili nilikaa kwenye kigoda barazani kwake.

"Shikamoo, mzee," alisema mama akirudi kutoka kanisani.

"Marahaba, mama."

Hakuketi. "Mzee, nakuheshimu sana, kwa hiyo nasema mara moja. Mume wangu kazikwa Kilimatinde, na mimi nitazikwa pale pale. Siolewi tena. Hata dini zetu ni mbili."

Nikasema, "Mama, mimi nimeshaoa. Mke yuko Itigi. Naomba ruhusa aje tukae wote chumbani."

Alijifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Nilidhani nimemliza. Kumbe anacheka.

"Chumba kimeletewa mshenga," alisema. "Na mimi wiki nzima nakwepa kufagia mlangoni kwako."

Kisha akaketi, akawa mwenye nyumba tena, na hofu yangu ikarudi. Nikauliza habari ya kodi. Akasema kodi haibadiliki mpaka miezi niliyolipia iishe. Akitaka kupandisha, tutasemezana mapema kabla ya kuandikiana upya. Amana niliyoweka ni ya kitasa, mlango na rangi, haiongezeki kwa sababu watu ni wawili. Maji tunachangia kwa kichwa, basi nitatoa ya vichwa viwili. Nilete cheti cha ndoa, na mke apelekwe kwa mjumbe ajulikane.

Likabaki lile zito. Nikaomba aandikwe naye kuwa mpangaji, ili nikitangulia mimi asitolewe kama alivyotolewa alipofiwa na mume wa kwanza, eda haijaisha.

Akageuka kutazama njia, nikajua nimevuka mpaka.

"Walimtoa ndani ya eda?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

Akaingia ndani, akatoka na nakala yake ya mkataba na kalamu. Aliandika jina la mke wangu chini ya langu, tukatia saini wote wawili, akasema nafasi iliyobaki ni ya mke mwenyewe, siku atakayofika, mbele ya mjumbe. Nilimshukuru Mungu palepale kwenye kigoda.

Mke wangu alishuka basi na ndoo ya asali na begi moja. Alifika hadi mlango wa chumba akasimama nje, hataki kuvuka. Nilimwambia karibu, hakusogea. Mama mwenye nyumba akatoka na karatasi mkononi, akaangalia ndoo na begi.

"Ingia, mpangaji," alisema. "Weka mizigo, mjumbe anatusubiri."

Ndipo mke wangu akavua viatu.